Shajara ya mradi: kumwomba mgavi masharti ya etiketi, barkodi na katoni kabla bokali haijafika rafuni

4 Machi

Mnunuzi wa duka kubwa ameonja siagi yetu ya karanga, ya chumvi na ya asali, na amezipenda zote mbili. Ila hanunui moja kwa moja kwa kiwanda kidogo. Bidhaa za viwanda vidogo vya Lubumbashi huingia kwake kupitia mgavi mmoja mwenye namba ya ugavi katika mfumo wao, na huyo ndiye anayepeleka mzigo, anayetoa fakture na anayerudishiwa mzigo ukikataliwa. "Muulize yeye masharti," mnunuzi alisema, "anayo yote."

Tumempigia simu. Papa, ndivyo tunavyomwita mgavi huyo, ni mtu mwema, anajibu haraka, na jibu lake lilikuwa hili: etiketi iwe ya Kifaransa, barkodi iwepo, katoni iwe ngumu. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja linaloweza kupelekwa kwa mchapishaji. Ngumu kiasi gani? Barkodi ya nani, ya ukubwa gani, na kwenye bokali tu au hata kwenye katoni? Mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi haoni tena kwamba mambo hayo yanahitaji kusemwa. Kwa hiyo tumekubaliana kutomuuliza kwa mdomo tena. Tutaandika barua yenye maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa "ndiyo, iwe nzuri".

6 Machi

Barua imetumwa. Naiweka hapa karibu yote, kwa sababu mwenzetu wa kiwanda cha pilipili kule Katuba ameshaiomba, na bila shaka wengine wataiomba.

"Papa, salamu. Tunatayarisha siagi ya karanga ya gramu 350 na ya gramu 150, kila moja kwa ladha mbili, ili uiingize kwenye orodha ya duka. Kabla hatujachapisha etiketi tunakuomba mambo haya. Kwanza, hati yenyewe ya masharti ya wagavi uliyopewa na duka, toleo linalotumika sasa, na kurasa za vyakula vikavu hata kama nyingine huwezi kutupa. Pili, fomu tupu ya kusajili bidhaa, ile ambayo wewe huijaza. Tatu, namba za barkodi zisajiliwe kwa jina la nani: letu, lako, au la duka? Nne, katoni inatakiwa kuwa na barkodi yake, na ibandikwe upande gani? Tano, bidhaa ikifika ghala la duka inatakiwa iwe imebakiza muda gani kabla ya tarehe ya mwisho, na siku zinazokaa katika depo yako zinahesabiwa kwa nani? Sita, mzigo ukikataliwa mlangoni, nani analipa usafiri wa kurudi? Mwisho, tunakuomba katoni moja tupu ya bidhaa yoyote ambayo duka linaipokea bila shida, tuipime."

Swali la fomu tupu ndilo nililolisisitiza kuliko yote. Hati ya masharti inaeleza mambo kwa maneno, lakini fomu inaonyesha ni nini hasa kitaingizwa kwenye kompyuta ya duka. Nafasi ikiwa pale inangoja tarakimu, ujue kuna mtu atakayeuliza tarakimu hiyo siku moja. Na ombi la katoni tupu limetoka kwa mwenzetu tunayemwita Yaya, anayesimamia ufungaji, ambaye haamini karatasi yoyote mpaka ashike kitu mkononi.

Hatukuuliza habari za OCC, yaani Ofisi ya Udhibiti ya Kongo. Uchunguzi wa bidhaa ni kazi yetu na wao, mgavi hahusiki, ingawa nakala ya cheti ataitaka.

13 Machi

Majibu yamekuja: kurasa chache zilizopigwa picha kwa simu, fomu tupu ya Excel, na katoni tupu ya nyanya za kopo iliyoletwa na kijana wa pikipiki. Maswali mawili hayakujibiwa, la muda wa kubaki na la nani analipa. Tumeyarudisha yakiwa peke yao, ujumbe mfupi wa mistari miwili, ili yasijifiche katikati ya mengine.

Etiketi kwanza. Orodha ya duka haina maajabu. Kwa sehemu kubwa inafuata kile ambacho kanuni ya kimataifa ya Kodeksi kuhusu etiketi za vyakula vilivyofungwa inadai tangu 1985: jina halisi la chakula, viambato kuanzia kilicho kizito zaidi kwenda kilicho chepesi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, alama ya fungu la uzalishaji, tarehe, na namna ya kuhifadhi. Karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyodhuru watu wenye mzio, kwa hiyo lazima zitajwe wazi. Mtu anaweza kucheka, kwa sababu neno karanga ndilo jina la bidhaa yenyewe. Lakini siagi ya asali inatengenezwa kwa mashine ileile tunayosagia ufuta siku nyingine, na ufuta nao tunapaswa kuutaja. Duka limeongeza mambo mawili ya kwake: namba ya RCCM ya kampuni, yaani ya daftari la biashara, iandikwe, na tarakimu za uzito ziwe na urefu wa milimita 4 au zaidi kwenye bokali ya gramu 350.

Jambo lililotupa kazi ni tarehe. Sisi tulikuwa tukiiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya etiketi. Yaya alichovya kidole kwenye siagi, akakipitisha juu ya tarehe mara moja, na "08" ikageuka kuwa doa la zambarau lililofika mpaka kwenye uzito. Siagi ya karanga ikikaa, mafuta hupanda juu, na bokali moja ikivuja kidogo ndani ya katoni, zote zinazoizunguka hupata mafuta. Masharti yanasema tarehe na fungu "visifutike kwa matumizi ya kawaida". Hapo ndipo tumeamua kuchapa tarehe kwenye kifuniko, nje ya njia ya mafuta, kwa mashine ndogo ya mkono ya wino unaokauka haraka, na kwenye etiketi kuandika tu "tazama kifuniko". Tumemuuliza mgavi kama duka linakubali tarehe ya kifuniko. Amesema linakubali, mradi etiketi ielekeze hapo. Tumemwomba aandike hilo, naye ameandika.

17 Machi

Leo ni siku ya barkodi, na ndiyo imekula muda wote.

Mchapishaji wa etiketi, aliye mjini, alituambia kwa ukarimu: "Mama, barkodi ni ya bure, iko ndani ya bei." Tukamwomba atutumie namba kabla ya kuchora chochote. Akatuma hii:

```
2001234567893
```

Ukiisoma kwa simu, inasomeka. Ukikagua tarakimu ya mwisho, iko sawa. Hesabu yake ni nyepesi: tarakimu kumi na mbili za kwanza unazizidisha kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu kutoka kushoto, unajumlisha, kisha unatafuta kinachokosekana kufikia kumi inayofuata. Hapa jumla ni 97, kinachokosekana ni 3, na mwisho wa namba ni 3. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba namba ni nzima.

Kasoro yake iko mwanzoni. Namba za EAN, yaani namba za barkodi za tarakimu 13 kama hii, zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani: kila duka linaruhusiwa kujitengenezea, kwa mfano kwa nyama iliyopimwa kwenye mizani au mkate wa tanuri lake. Hakuna anayezimiliki nje ya mlango wake. Duka letu kubwa huenda lilishaipa namba hiyo soseji ya kilo, na mteja atakayepitisha siagi yetu atalipishwa soseji. Mchapishaji hakuwa na nia mbaya. Programu yake ya michoro inatoa mistari kwa namba yoyote utakayoiandika, na yeye aliandika ya mfano.

Namba halali hutoka GS1, shirika linalogawa viambishi, yaani tarakimu za mwanzo za namba, kwa kampuni ulimwenguni kote. Kampuni inapata kiambishi chake, inaongeza namba ya bidhaa, kisha tarakimu ya ukaguzi. Kuna dhana mjini kwamba tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha bidhaa imetengenezwa wapi. Hapana. Zinaonyesha ni ofisi gani ya GS1 iliyotoa kiambishi. 616 ni ya ofisi ya Kenya na 600 ni ya Afrika Kusini, lakini kampuni iliyosajiliwa kule inaweza kutengeneza bidhaa zake mahali popote. Nchi ya asili inasomwa kwenye maandishi ya etiketi, haisomwi kwenye mistari.

Halafu tukafika kwenye jibu la mgavi kwa swali la tatu, na hili ndilo lililotufanya tukae mezani mpaka giza. Alisema: "Tumieni kiambishi changu, ninacho nafasi nyingi, mtaingia wiki hii hii." Kwa haraka ya kuuza, ni pendekezo zuri, na yeye alilitoa kwa wema. Lakini fomu tupu ina nafasi iliyoandikwa "mwenye chapa", na nyingine "mwenye kiambishi cha GS1". Kama majina mawili hayafanani, duka linataka barua ya maelezo. Zaidi ya hapo, sheria ya GS1 yenyewe inasema mwenye chapa ndiye anayepaswa kuipa bidhaa namba. Yeyote akiingiza namba kwenye huduma ya ukaguzi ya GS1 ataona jina la depo ya Papa, wala si letu. Na siku tutakapopeleka bokali hizohizo Kolwezi au Likasi kwa mgavi mwingine, tutakuwa tunauza bidhaa yenye jina la mshindani wake kwenye kompyuta. Kubadili namba baadaye maana yake ni etiketi mpya, usajili mpya, na bokali za zamani kurudishwa kutoka rafuni.

Tumemshukuru na kumweleza kwa heshima kwamba tutachukua zetu. Akasema: "Basi msininunie kama itachelewa." Hatutamnunia. Maombi yamekwenda GS1. Nchi ambazo hazina ofisi yao huhudumiwa na ofisi kuu iliyo Brussels, kwa hiyo njia haikosekani.

Tumeomba namba nne. Chumvi 350, chumvi 150, asali 350, asali 150. Bosi alitaka kujua kwa nini tusitumie moja kwa ladha zote mbili wakati bei ni ileile. Kwa sababu duka likiagiza upya hutazama namba, halitazami ladha: asali ikiisha na chumvi ikiwa imejaa, kompyuta itaona stoki ipo na haitaagiza kitu. Na kama siku moja tutabadili 350 iwe 340, itabidi namba mpya, hata kama mteja hataona tofauti kwa macho.

18 Machi

Nyongeza ya jana, kwa sababu mchoraji alikuja na bokali mkononi.

Ukubwa wa kawaida wa EAN-13 ni milimita 37.29 kwa upana, pamoja na nafasi tupu za pembeni, na 25.93 kwa urefu. Kwa kaunta ya duka inaruhusiwa kupunguzwa mpaka asilimia 80 na kukuzwa mpaka asilimia 200. Nafasi tupu ni sehemu ya barkodi: katika ukubwa wa kawaida ni milimita 3.63 upande wa kushoto na 2.31 upande wa kulia, bila maandishi, bila mpaka wa rangi, bila jani la karanga lililochorwa kwa mapambo. Mchoraji wetu analipenda sana hilo jani. Limehamishwa.

Bokali ni duara, na hapo kuna kipimo ambacho hatungekijua kama hati ya mgavi isingekitaja: mistari ikisimama kama uzio, isizunguke zaidi ya nyuzi 60 za duara la bokali, la sivyo mistari ya pembeni inajificha na taa ya kusomea haiifikii. Bokali ya gramu 350 ina kipenyo cha milimita 72, mzingo wake ni kama 226. Mistari yenyewe, bila nafasi tupu, ni milimita 31.35, ambayo ni nyuzi 50 hivi. Inapita. Bokali ndogo ina kipenyo cha 50, mzingo ni 157, na mistari ileile inachukua nyuzi 72. Haipiti. Mchoraji alipendekeza kuipunguza mpaka asilimia 80, ambapo inafika kama nyuzi 57. Kwenye karatasi inapita, lakini uchapishaji wa hapa hutanuka kidogo, na wino ukitanuka kwenye mistari myembamba, mistari inagusana. Kwa hiyo kwenye bokali ndogo tumeigeuza, mistari imelala kama vidato vya ngazi, katika ukubwa wa kawaida. Duara halina nguvu tena juu yake.

Rangi nayo. Visomaji vingi vya kaunta hutumia mwanga mwekundu, na mistari myekundu au ya chungwa mbele ya mwanga huo inaonekana kama nyeupe. Chapa yetu ni ya rangi ya udongo, nyekundu ya barabara za Ruashi, na mchoraji alitaka mistari ya rangi hiyohiyo. Itakuwa nyeusi juu ya nyeupe. Sikutaka mjadala.

25 Machi

Jibu la muda wa kubaki limekuja hatimaye: bidhaa ikifika ghala la duka iwe imebakiza theluthi mbili ya muda wake. Siagi yetu tumeipa miezi tisa. Kwa hiyo inatakiwa ifike ikiwa na miezi sita, na kati ya kutengenezwa na kupokelewa tuna miezi mitatu tu, si tisa kama bosi alivyokuwa akihesabu. Depo ya mgavi inaweza kukaa na mzigo wiki sita. Mvua ikiharibu barabara au karatasi zikichelewa, tunabaki na hewa kidogo sana.

Tumemuuliza nani anabeba muda wa depo. Amejibu kwa uaminifu kwamba mpaka leo ni mtengenezaji ndiye anayeubeba, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Tumemwomba tuandikiane hivi: mzigo unaoingia depo yake ukiwa na miezi minane au zaidi, ukikataliwa kwa sababu ya muda, hasara ni yake, ukiingia na pungufu ya hapo, ni yetu. Amekubali miezi minane, akaongeza kwamba fungu lisichanganywe ndani ya katoni moja. Hilo ni haki. Duka hupokea kwa kutazama tarehe ya katoni, na bokali moja ya zamani ndani yake inatosha kuharibu katoni nzima.

28 Machi

Katoni. Fomu inadai vipimo vya nje kwa milimita, uzito wote kwa kilo, idadi kwa katoni, katoni kwa tabaka, na tabaka kwa paleti ya 1200 kwa 1000. Nafasi hizi za mwisho wengi huziacha wazi kwa sababu hawatumi paleti nzima. Sisi pia tutaanza na tabaka moja moja. Lakini duka linaagiza kwa tabaka, hivyo namba hiyo ndiyo itakayokuwa oda yetu ndogo kabisa.

Bokali kumi na mbili, tatu kwa nne, zinachukua 216 kwa 288 bila kitu katikati. Katoni ya kwanza tuliyotengenezewa, yenye vigawanyio vya kadibodi nene, ilikuwa 245 kwa 315 kwa nje. Yaya aliichora kwa chaki juu ya sakafu ya stoo, kwenye mstatili wa 1200 kwa 1000. Ukizipanga zote zikielekea upande mmoja, zinaingia kumi na mbili. Ukipanga tano kwa upande wa mita 1.2, unafika 1225, na katoni ya mwisho inaning'inia nje ya paleti kwa sentimita mbili na nusu. Masharti yanakataa katoni inayotokeza, kwa sababu uzito wa juu yake unaivunja pembe.

Tukapunguza vigawanyio, tukatumia kadibodi ya tabaka moja katikati ya bokali, kwa kuwa bokali zetu ni za plastiki na hazivunjiki kwa kugongana. Katoni ikawa 235 kwa 305. Tano kwa 235 ni 1175, tatu kwa 305 ni 915. Kumi na tano kwa tabaka. Milimita kumi tu, na tabaka moja limepata katoni tatu zaidi kwa nafasi ileile ya lori. Uzito wa katoni umetoka kama kilo 5, na mtu mmoja anaibeba bila kulalamika.

Kisha barkodi ya katoni. Katoni ni kitu kingine kwa kompyuta, kwa hiyo ina namba yake ya tarakimu 14: tarakimu moja mbele kuonyesha ni kifungashio cha juu, tarakimu kumi na mbili za bokali bila ile ya mwisho, na tarakimu mpya ya ukaguzi. Watu wengi huandika 1 mbele na kuacha tarakimu ya mwisho ilivyokuwa, ndiyo maana mgavi amesema fomu nyingi hurudi. Tumefanya zoezi kwa namba ambayo GS1 wenyewe huitumia kama mfano, kwa sababu zetu hazijafika:

```
bokali:  9501101530003
katoni: 19501101530000
```

Kwa bokali jumla baada ya kuzidisha ni 47, kinachokosekana ni 3. Kwa katoni tarakimu 1 ya mbele inazidishwa kwa 3, jumla inakuwa 50, hakikosekani kitu, mwisho ni 0. Yaya alihesabu kwa penseli, akasema mwisho wa namba ukibaki ule ule baada ya kuongeza 1, mtu amelala.

Mistari ya katoni ni ya aina ya ITF-14, minene, yenye fremu nyeusi pembeni ili kisomaji kisikate namba katikati. Chini ya mistari iwe milimita 32 kutoka sakafu ya katoni, na pembeni kuwe na angalau 19. Kuchapa moja kwa moja juu ya kadibodi ya kahawia kunafifisha mistari, na mtaalamu wa mashine hana kifaa cha kupimia ubora. Tutabandika stika nyeupe, pande mbili zinazopakana, ili katoni igeuzwavyo moja iwe mbele ya mpokeaji. Katoni ya nyanya aliyotuletea Papa ina stika kwa namna hiyo hiyo, ingawa yeye hakuwa amewahi kuitazama.

2 Aprili

Tumejaza fomu kwa penseli, nafasi kwa nafasi, na kumpelekea mgavi ili aikosoe kabla hatujaweka namba za kweli. Amerudisha masahihisho mawili. Uzito tulioandika ni wa siagi bila bokali, nao wanataka uzito wote kwa mizani. Na jina la bidhaa kwa risiti ya kaunta lisizidi herufi 30, kwa hiyo "siagi ya karanga ya asali ya asili 350g" limepunguzwa na neno "asili" limeondoka. Bosi alinung'unika. Neno hilo lilikuwa lake.

Kuhusu swali la sita, usafiri wa kurudi: kasoro ya etiketi au barkodi ni yetu, katoni iliyolowa au kubondwa ndani ya gari lake ni yake. Ametaka picha ya kila mzigo ukipakiwa, mbele ya depo, na stika zikionekana. Yaya ameshachagua kijana atakayepiga.

9 Aprili

Etiketi za majaribio zimefika, bila namba zetu, zikiwa na mistari ya mfano wa GS1 kwa ajili ya kupima uchapaji tu. Zimekatwa kwa alama ya msalaba ili zisije zikabandikwa kwa bahati mbaya. Rafiki wa mgavi anayefanya kazi kwenye kaunta alizipitisha baada ya saa za kazi: za bokali kubwa zote zilisomeka mara moja, za bokali ndogo zilisomeka pia zikiwa zimelala. Moja tu ilikataa, na tuliitazama kwa karibu: plastiki iling'aa kwa sababu etiketi ilibandikwa na mkunjo mdogo uliopita katikati ya mistari. Kisomaji cha kaunta hakitoshi kuthibitisha ubora. Duka linataka ripoti ya kifaa maalumu yenye daraja la 1.5 au zaidi, na mgavi anajua maabara ya wachapishaji upande wa Zambia anayowatumia wengine wanaopitisha mizigo Kasumbalesa. Tutatuma sampuli pamoja na gari lake.

Kinachosubiriwa ni cheti cha GS1 chenye jina letu, ripoti ya uchapaji, na sahihi ya Papa kwenye mkataba wa miezi minane. Etiketi elfu za kwanza hazitachapishwa kabla ya vyote vitatu kuwa mezani. Mchapishaji ameambiwa, na ameuliza kama yale mashine anayoyaweka akiba kwa ajili yetu anaweza kuyatumia kwa kadi za harusi. Tumemwambia ayatumie.